Anasema tutaelewana mbele ya safari: je, niolewe?

Swali: Mimi ni muuguzi, umri wangu miaka 29, Mkatoliki, niko kituo cha afya Dodoma, nimeajiriwa serikalini. Mchumba wangu ni Mwislamu wa Tanga, ana duka la vipuri vya pikipiki. Ni kifungua mimba, baba yao alishafariki, na ndiye anayemtunza mama na kuwasomesha wadogo zake watatu. Anataka tuoane mwakani, niache kazi nihamie Tanga. Kwao wanasema nisilimu kwanza. Baba yangu anasema bila kanisa hapokei mahari. Mwenyewe akiulizwa anajibu, "Tutaelewana mbele ya safari." Nampenda. Niolewe au niache?

Jibu: Dada, usiweke tarehe ya harusi kwanza, na usimwache kwanza. Mmetofautiana katika mambo matatu, na kila moja likisimama peke yake lina watu wengi wanaoishi nalo vizuri tu. Hatari yako iko pale yanapokutana. Mke asiyemrithi mumewe kwa sababu ya dini, aliyeacha mshahara, anayeishi katika nyumba isiyo na jina lake, huyo ameshindwa mara tatu kwa mkupuo. Kwa hiyo kabla ya kuamua unahitaji kujua mambo haya yanafungana vipi, na lipi litangulie kujibiwa.

Tuanze na dini, kwa sababu namna mtakavyofunga ndoa itaamua mengi yatakayofuata. Mbele yenu kuna milango minne, na kila mmoja una bei yake.

Wa kwanza ni nikah bila wewe kusilimu. Fiqhi, yaani sheria ya Kiislamu, inamruhusu mwanamume Mwislamu kumwoa Mkristo au Myahudi akabaki na dini yake, kwa kuwa ni watu wa Kitabu. Ndugu zake wanapokwambia usilimu "kwanza", hilo ni sharti la ukoo au la shehe wao, si sharti la nikah yenyewe, na mchumba wako analijua hilo au anaweza kuliuliza kwa dakika tano. Upande wako, Kanisa Katoliki halitaitambua ndoa hiyo kama hukupata ruhusa, na hutapokea komunyo. Jambo la pili ambalo maharusi wengi hawaambiwi: chini ya Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, ndoa iliyofungwa Kiislamu au kimila huchukuliwa kuwa ya wake wengi, au inayoweza kuwa hivyo, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Kama wewe hutaki mke mwenza, jambo hilo halisubiri mbele ya safari. Linasemwa kabla ya kufunga ndoa na linaingia kwenye kumbukumbu.

Wa pili ni kusilimu. Kama umesoma, umeuliza, na umeamini, hilo ni lako na Mungu wako, na hakuna mshauri wa kukuzuia. Lakini barua yako haisemi hivyo, inasema "wanasema". Kusilimu kwa ajili ya sherehe kuna mtego wake. Mwaka wa tatu au wa nne, baba akiugua au mtoto akifika umri wa kubatizwa, wengi hurudi kanisani kimyakimya. Hapo wanazuoni walio wengi wataiita kuritadi, yaani kuuacha Uislamu, na kuritadi kunaivunja nikah. Yaani jambo ulilolifanya ili ndoa ifungwe ndilo litakalokuja kuifungua. Kama huamini, usisilimu. Mchumba anayekutaka useme shahada usiyoiamini anakuomba uanze ndoa kwa uongo mbele ya familia mbili, na kwa dini yake mwenyewe hilo halimpendezi Mungu.

Wa tatu ni kanisani. Mkatoliki kufunga ndoa na asiyebatizwa kunazuiliwa hadi Askofu atoe ruhusa, na njia ya kuipata inaanzia kwa paroko wako. Anza mapema, miezi kadhaa kabla, kwa sababu kuna mafundisho ya ndoa na karatasi za kusubiri. Katika kuomba ruhusa hiyo, wewe ndiye unayeahidi: kwamba utajitahidi kadiri ya uwezo wako watoto wabatizwe na walelewe Kikatoliki. Mwenzio haahidi chochote, ila ni lazima ajulishwe kwamba umeahidi. Hapo ndipo paroko mmoja mwangalifu anapoweza kukuokolea miaka kumi ya ugomvi, maana mchumba anaposikia sentensi hiyo akiwa ameketi ofisini, uso wake utakwambia zaidi ya simu za mwaka mzima.

Tahadhari moja hapa. Familia nyingi hutafuta suluhu ya haraka: kanisani Jumamosi, nikah Jumapili, kila upande uridhike. Sheria ya Kanisa inakataza sherehe nyingine ya dini ya kutoa au kurudia kiapo cha ndoa, kabla au baada ya ile ya kanisani. Ukificha, umeidanganya parokia. Ukisema, hupati ruhusa. Kwa hiyo "tutafanya zote mbili" si jibu.

Wa nne ni bomani, kwa Mkuu wa Wilaya. Mnapeleka taarifa ya kusudio la kuoana siku zisizopungua 21 kabla, inatangazwa, na mwenye pingamizi anasikilizwa. Hakuna anayebadili dini. Ndoa ya bomani huchukuliwa kuwa ya mke mmoja isipothibitishwa vinginevyo, na kuigeuza iwe ya wake wengi kunahitaji tamko lenu nyote wawili mbele ya hakimu au jaji. Yeye peke yake hawezi. Kasoro yake ni kwamba kanisani utabaki hujafunga ndoa kama hukupata ruhusa kwanza, na ndugu wa pande zote watanung'unika. Baba yako kukataa mahari hakuizuii ndoa kisheria: ukishavuka miaka 18 ridhaa ni yako, na sheria hiyohiyo inasema kutotimiza mila ya mahari hakuifanyi ndoa kuwa batili. Inauma, lakini haifungi mlango.

Kwa mtu aliye katika hali yako, anayetaka kubaki Mkatoliki na mwenzio kubaki Mwislamu, naona milango ya kweli ni miwili: kanisani kwa ruhusa, au bomani mkiwa na ruhusa ya Kanisa. Nikah bila kusilimu inawezekana, ila bila ruhusa ya Kanisa utakuwa umekubali kukosa sakramenti, na hiyo si bei ya kulipwa kwa sababu tu umechoka kubishana.

Sasa watoto. Watu husema, "Watachagua wenyewe wakikua." Maneno hayo yanapendeza kwenye kikao cha posa, lakini mtoto hangoji kukua. Tuseme anazaliwa Alhamisi. Ukihesabu siku ya kuzaliwa, siku ya saba ni Jumatano inayofuata: kwao ndiyo siku ya jina, kunyolewa nywele na akika. Mbuzi atakuwa amenunuliwa, bibi amekwishafika, na wewe bado unatembea kwa kujishika kiuno. Hiyo si siku ya kuanza kujadili ubatizo. Kwa hiyo swali lake liulizwe likiwa na siku: Jumatano ile kinafanyika nini, mtoto anaitwa nani, na nani amemwambia mama yako hivyo?

Halafu tazama malezi ya kila siku. Likizo yako ya uzazi ni siku 84 kwa mtoto mmoja, 100 kwa pacha. Siku ya 85 mtoto anabaki na nani? Ukiwa Tanga, jibu ni bibi yake, na ni jibu zuri kwa mambo mengi. Ila mtoto anayelelewa na bibi Mwislamu Jumatatu hadi Ijumaa ataamka na adhana, atajifunza dua ya kula na ya kulala, na akifika miaka minne au mitano atafuatana na binamu zake chuoni kusoma juzuu. Hakuna aliyevunja ahadi. Dini ya mtoto mdogo ni ya yule anayekaa naye mchana. Kama mmekubaliana abatizwe huku mpango wenu wa malezi ni kumwacha kwa bibi, mmekubaliana mambo mawili yasiyoweza kukaa pamoja, na la malezi ndilo litakaloshinda.

Karatasi ya makubaliano kuhusu dini ya watoto ina faida ya kuwakumbusha mlichosema, lakini msiitegemee mahakamani. Mkija kuachana, hakimu ataangalia kwanza maslahi ya mtoto, si sahihi zenu.

Nije kwenye urithi, ambao hujauuliza na ndio unaonitia wasiwasi zaidi. Kwa sheria ya mirathi ya Kiislamu, asiye Mwislamu hamrithi Mwislamu. Tufanye hesabu ya nyumbani kwenu. Chukulia mumeo amefariki akiacha mali yake ya shilingi 60,000,000, yaani nyumba na duka, baada ya madeni na gharama za mazishi. Wamebaki wewe, mama yake, wadogo zake watatu akiwamo wa kiume, na watoto wenu wawili, wa kiume na wa kike.

Kama ungekuwa Mwislamu na watoto Waislamu, wewe ungepata thumni, sehemu moja ya nane, 7,500,000. Mama sudusi, moja ya sita, 10,000,000. Zinabaki 42,500,000 za watoto, wa kiume akipata mara mbili ya wa kike.

Ukiwa Mkristo na watoto Waislamu, fungu lako ni sifuri. Mama 10,000,000 zake, watoto 50,000,000. Bado si janga kubwa, kwa kuwa watoto ni wenu.

Ukiwa Mkristo na watoto wamebatizwa, nyote watatu mnatoka kwenye orodha. Mama yake anapata 10,000,000 na wadogo zake wanagawana 50,000,000. Nyumba mliyojenga inakuwa ya mashemeji. Ndugu hawa wanaweza kuwa watu wema kabisa. Tatizo ni kwamba utaishi kwa wema wao.

Mahakama za Bara hutazama marehemu aliishi vipi na alikusudia nini kabla ya kuamua mirathi yake iendeshwe kwa sheria gani, na ndoa ya bomani au ya kanisani huweza kuhesabiwa katika kupima hilo. Lakini mtu aliyeswali, akafunga Ramadhani, akazikwa Kiislamu, kesi yake ni ngumu kuigeuza, na itaendeshwa wakati wewe uko eda ya majonzi na hela ya wakili huna. Afadhali kinga iwekwe akiwa hai. Kinga ni mbili.

Ya kwanza ni wasia. Mwislamu anaweza kuusia hadi theluthi ya mali yake kwa mtu asiye mrithi. Mrithi hausiwi ila wenzake waridhie, lakini wewe, kwa kuwa dini inakutoa kwenye urithi, unaingia kwenye theluthi hiyo bila kuomba ridhaa ya mtu. Katika mfano wetu ni hadi 20,000,000, zaidi ya maradufu ya ile thumni ya mke Mwislamu. Watoto waliobatizwa nao wataingia humohumo, ndani ya theluthi hiyohiyo moja. Wasia uandikwe mbele ya mwanasheria, ushuhudiwe na watu wawili au zaidi wanaojua kusoma na kuandika na wasiofaidika nao, na nakala ihifadhiwe RITA, si kabatini dukani.

Ya pili ina nguvu zaidi: majina kwenye hati. Mali iliyo kwa majina yenu wawili huchukuliwa kuwa nusu kwa nusu mpaka ithibitishwe vinginevyo, na nusu yako haiingii katika mirathi yake hata kidogo, maana si yake. Kiwanja mtakachonunua baada ya ndoa kiandikwe majina mawili tangu mkataba wa mauziano pale serikali ya mtaa. Kusubiri "tutabadilisha hati ikitoka" ndipo wengi wanapopotelea. Nyumba ya ndoa, hata ikiwa kwa jina lake peke yake, hawezi kuiuza wala kuiweka rehani bila ridhaa yako, lakini kinga hiyo ni ya wakati wa uhai wake.

Hayo yote ni ya Tanzania Bara, na Tanga imo. Mkija kuhamia Unguja au Pemba, sheria ile ya 1971 haitumiki huko. Ndoa na mirathi ya Kiislamu ni za Mahakama ya Kadhi.

Baada ya hapo, suala la mama na wadogo zake ni jepesi kuliko unavyoliona. Mwanamume anayemtunza mama mjane ni mtu wa kuolewa naye, na kumtaka aache ni kupoteza muda wako na heshima yako. Mnachohitaji ni kiasi na mwisho. Mwombe mkae na daftari, aandike mwezi mbaya wa duka, siyo mwezi mzuri. Tuseme mwezi mbaya anabaki na faida ya 600,000. Kwa mama zinakwenda 200,000, kwa ada na nauli za wadogo 150,000. Za nyumba yenu zinabaki 250,000. Kodi ya vyumba viwili ikila 100,000, mna 150,000 za chakula, gesi, umeme, maji, vocha na michango ya misiba. Mwezi huo mkiwa na mshahara wako, tuseme 800,000 baada ya makato, nyumba inaingia na 1,050,000.

Umeona kilichotokea? Anayetaka uache kazi ni yuleyule ambaye wajibu wake kwa mama unasimama kwa sababu mkewe ana mshahara. Mwonyeshe hesabu hiyo bila ushindi mdomoni. Wanaume wengi wanaosema "mke wangu akae nyumbani" hawajawahi kuiandika. Wakiiandika, mjadala hubadilika wenyewe. Kisheria na kidini wajibu wa kukulisha, kukuvisha na kukupa makazi ni wake. Kwa hiyo mshahara wako ukiingia kwenye jiko, mkubaliane unaingia kwa jina gani: kama mchango wako kwenye nyumba, basi uonekane kwenye hati ya kiwanja.

Kisha mwisho wake. Mdogo wa mwisho anamaliza masomo mwaka gani? Akimaliza, zile 150,000 zinakwenda wapi? Ukiambiwa "wakimaliza hawa kuna watoto wa mjomba", usikasirike, ila uandike. Wajibu usio na kikomo si mbaya, lakini unahitaji kiwango kisichopandishwa bila kukaa wawili. Na wewe vilevile utaje unachowapa wazazi wako. Isije ikawa kwao ni wajibu na kwenu ni siri kwenye simu.

Kuhusu kazi yako nitasema kwa ukali kidogo: usiandike barua ya kuacha kazi. Mtumishi wa umma aliyejiuzulu akitaka kurudi anaingia upya kwenye usaili na vijana waliomaliza jana, na miaka aliyotumikia haimrudishii daraja lake. Zipo njia za kufika Tanga ukiwa bado na ajira. Unaomba uhamisho wa kumfuata mwenza, na hapo cheti cha ndoa ndicho kiambatisho kikuu; au unamtafuta muuguzi wa Tanga anayetaka Dodoma mbadilishane vituo, ambako mara nyingi ni haraka zaidi kwa kuwa hakuna kituo kinachobaki na pengo. Mtaishi mbalimbali kwa muda, labda miezi, labda zaidi ya mwaka. Mwambie hivyo mapema na umsikilize. Akisema nauli ya basi kila wiki mbili ataibeba, una mtu. Akisema "mke gani anakaa mbali na mumewe", muulize duka la vipuri haliwezi kufunguliwa Dodoma kwa nini. Siyo kejeli, pikipiki ziko Dodoma pia. Mnapopanga nani ahame, aliye na kipato cha uhakika na anayejiajiri hawapotezi kitu kilekile, na anayehama bila kupimiwa hasara yake huja kuidai baadaye kwa njia nyingine.

Muulize pia kinachomkera ni kazi yenyewe au ni zamu za usiku. Wako wanaosema "acha kazi" wakimaanisha hawataki ulale wodini mara mbili kwa wiki. Hilo lina dawa: kliniki ya mama na mtoto na wagonjwa wa nje huwa na zamu za mchana zaidi.

Namna ya kuyazungumza haya: msiyaweke kwenye simu na msiyamalize siku moja. Kikao cha kwanza kiwe cha dini tu, namna ya kufunga ndoa na watoto. Cha pili, wiki moja au mbili baadaye, daftari la fedha na majina kwenye mali. Cha tatu, kazi na mahali pa kuishi. Mpangilio huo una sababu: mkianza na kazi mtabishana kuhusu kazi huku mnachoogopa ni watoto. Kila kikao mwandike mistari mitatu minne ya mlichokubaliana, kila mmoja abaki na nakala.

Kabla ya kikao cha kwanza, jiulize wewe. Kama moyoni unangoja abatizwe baadaye, uko kwenye "tutaelewana mbele ya safari" ileile unayomlaumu nayo. Swali la haki ni hili: akibaki Mwislamu hadi anazikwa, na akizikwa siku hiyohiyo kwa sanda bila misa, utaridhika umeolewa naye? Kama hapana, mpunguzie gharama ya vikao.

Baada ya vikao, angalia jambo moja kuliko yote: amekwenda kusema kwao? Mkikubaliana kwamba husilimu, yeye ndiye wa kumwambia mama yake, wewe usipokuwepo, kisha mshenga alipeleke rasmi. Si kazi yako na si ya shangazi yako. Mpe muda wa kutosha, mwezi hivi, maana kumwambia mama mjane jambo kama hilo si kazi ya jioni moja. Ukiona mwezi wa pili unaisha na jibu ni "nimemdokeza", ujue makubaliano yenu yanaishi kwenye chumba chenu tu. Na "mama hawezi kukubali" sikia ilivyo: anakwambia mwamuzi ni nani. Kipimo hichohicho ni chako kwa baba yako. Ukichagua bomani, mwambie baba kabla hajasoma tangazo.

Sasa uamuzi wenyewe. Mambo mawili yanatosha kusema hapana, hata kama mengine yote ni mazuri: akishikilia usilimu huku huamini, au akikataa kutamka Jumatano ile ya siku ya saba kutafanyika nini. Hayo hayagawanyiki nusu kwa nusu, na muda hauyalainishi. Mtoto akishazaliwa yanakuwa magumu zaidi kwa sababu kila mtu ana cha kupoteza. La tatu, akikutaka uache ajira kabla kituo cha Tanga hakijapatikana, mwambie ndoa isubiri barua ya uhamisho au mfunge ndoa mkae mbalimbali kwanza. Akikataa yote mawili, hapo pia simama.

Fedha za mama, zamu za usiku, nani aje Dodoma wiki gani, shemeji kukaa kwenu akitafuta kazi: hayo usivunje uchumba kwa ajili yake. Yanahesabika, na mnaweza kuyarekebisha kila mwaka.

Akija amesema kwao, akakubali majina mawili kwenye kiwanja na wasia wa theluthi, na mkajua watoto ni wa dini gani hata kama jibu hilo limekugharimu, basi nenda kwa paroko, na kama mnafunga bomani, taarifa ya siku 21 muipeleke baada ya barua ya Askofu kupatikana, siyo kabla. Barua hiyo ikichelewa, harusi isogezwe. Ukumbi ulipie amana tu hadi uwe nayo mkononi.